Vayolini zinapanda, taharuki inashuka: kasoro iko wapi?

*Mwalimu, habari ya kazi. Natengeneza muziki wa filamu fupi tuliyopiga hapa Kisumu. Kuna mbio za sekunde 96: msichana anakimbizwa kutoka vibanda vya soko la Kibuye, anatokea barabarani, bodaboda inamkosa chupuchupu, anaingia uchochoroni, anajificha, anaonekana tena, mwisho anakwama ukutani. Tempo ni 150, picha ni fremu 25 kwa sekunde. Besi inashikilia D mwanzo hadi mwisho, vayolini zinarudia kijipande kimoja na kupanda nusu toni kila baa mbili, ngoma inapiga kila baa. Kwenye sekunde ya ishirini na kitu taharuki inazima, na kufika mwisho vayolini ziko juu mno, zinachoma masikio. Nikiongeza ngoma inakuwa tangazo la soda. Mwelekezi anataka ngoma chache tu. Nifanyeje? Nina kompyuta, mpiga vayolini mmoja, na mzee mmoja mpiga orutu aliyekubali kuja.*

Salama, ndugu yangu. Umenipa namba zote ninazohitaji, kwa hiyo tuanze nazo.

Kwa tempo ya 150, mpigo mmoja ni sekunde 0.4, na baa ya mipigo minne ni sekunde 1.6. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mpigo ni fremu kumi kamili na baa ni fremu arubaini. Sekunde zako 96 ni baa sitini barabara. Sijui kama uliichagua tempo hiyo kwa hesabu au kwa bahati, lakini usiiguse. Mhariri akikuambia kitu kinatokea fremu fulani, unajua papo hapo kiko kwenye mpigo upi.

Sasa fuata vayolini zako. Baa mbili ni sekunde 3.2. Unaanza D, kisha E flati, E, F, halafu kwenye sekunde ya 12.8 unafika F shapu. Kumbuka chini yake besi imeshikilia D. F shapu juu ya D ni sauti ya furaha. Ndiyo inayofungulia nyimbo nyingi za kwaya. Sekunde ya 16 uko G, ambayo imetulia pia. Sekunde ya 19.2 unapata A flati, na hapo kweli kuna ukali, lakini sekunde ya 22.4 unatua A. A juu ya D ndiyo nafasi tulivu kuliko zote ukiondoa oktava yenyewe. Hapo ndipo "ishirini na kitu" yako ilipo. Halafu sekunde ya 38.4 vayolini zinafika D ya juu, noti ile ile ya besi, na kwa sikio safari imekwisha. Msichana bado anakimbia, bodaboda inakuja, lakini muziki umeshafika nyumbani na kuvua viatu. Utatua A tena sekunde ya 60.8, na D tena sekunde ya 76.8.

Kwa hiyo kupanda kwa sauti na kupanda kwa taharuki ni mambo mawili. Sikio halipimi urefu wa noti peke yake, linapima umbali wake kutoka kwenye sakafu, yaani besi. Kuna umbali unaokwaruza na kuna umbali unaopumzisha, na ukipanda ngazi moja moja kwa hatua sawa lazima ukanyage yote miwili kwa zamu. Ngoma haiwezi kuficha hilo. Inaongeza kelele juu ya sauti iliyotulia, na kelele ya furaha juu ya D na A ndiyo hilo tangazo lako la soda.

Kujaribu ni rahisi. Simamisha muziki popote, imba noti ya besi kwa mdomo uliofumba, kisha imba noti ya vayolini. Ukihisi kwamba unaweza kusema "amina" hapo na watu wakaketi, noti hiyo haifai kukaa chini ya mtu anayekimbizwa, labda ipite tu.

Kasoro ya pili ni urefu wa ngazi. Hatua moja kila baa mbili ni hatua 29 katika baa sitini. Kama umeanza D iliyo juu tu ya C ya katikati, unamaliza G ya oktava mbili na zaidi juu yake, karibu hezi 1,570. Vayolini inafika huko, ila inafika ikiwa nyembamba, bila mwili. Na kwa kuwa hatua zote zina urefu sawa, kufikia hatua ya nne mtazamaji ameshajua ya tano itakuja lini. Akishajua lini, haogopi.

Basi mimi ningepanga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Jiulize kwanza: ukutani, sauti iwe wapi? Ningesema vayolini ziishie E, ile ya waya wake wa juu kabisa ukiachwa wazi, hezi kama 660. Bado ina nyama, na bado juu yake kuna nafasi ambayo msikilizaji anaihisi ingawa huitumii. Kutoka kijipande cha kwanza hadi cha mwisho tupande oktava moja na kidogo tu. Kazi itakuwa kuzigawa hizo hatua chache bila usawa, nyingi zikiwa zimerundikana mwishoni.

Kabla ya ngazi, kijipande chenyewe. Kifanye cha noti mbili tu, nitaziita mguu na kichwa. Mguu ni D, kichwa ni E flati. Baa ina noti nane fupi, kila moja sekunde 0.2. Weka kichwa kwenye noti ya kwanza, ya nne na ya saba, zilizobaki zote mguu: E flati, D, D, E flati, D, D, E flati, D. Ukihesabu ni tatu, tatu, mbili. Mwendo huo unachechemea kidogo, na huo uchechemeaji ndio unaosukuma mbele bila ngoma yoyote. Kila baa ya nne geuza mpangilio uwe mbili, tatu, tatu, yaani kichwa kwenye noti ya kwanza, ya tatu na ya sita. Baa inabaki fremu arubaini, mhariri hatagundua kitu, lakini sikio linateleza kidogo na kulazimika kusikiliza tena.

Kijipande hiki kianze kwenye chelo, maana D hiyo ya chini vayolini haina. Noti yake ya mwisho chini ni G. Chelo ina waya wa D ulio wazi, kwa hiyo mguu unalia bila kidole na kichwa ni kidole kimoja tu. Hata kama unatumia sampuli, andika kana kwamba kuna mtu anapiga, kwa sababu sampuli zilirekodiwa na watu na zinasikika vizuri pale zinapofanya kinachowezekana mkononi.

Sasa ngazi. Baa ya 1 hadi ya 16, yaani mpaka sekunde ya 25.6, hakuna kupanda kabisa. Najua hilo litakukera, na mwelekezi atakuuliza mbona muziki umesimama. Mwambie asubiri. Sikio lazima liamini kwamba kichwa ni E flati na kitabaki E flati, la sivyo kikihama hakuna atakayetambua. Kinachobadilika humo ni unene tu: baa nane za kwanza chelo peke yake, kwenye baa ya tisa viola zinajiunga kwenye noti zile zile na besi kubwa inaingia na D ndefu, laini, karibu isisikike.

Baa ya 17 msichana anatoka vibandani na kuiona barabara. Kichwa kinaruka hadi F, mguu unabaki D. F ina huzuni kidogo kuliko hofu, na kwa hapo inafaa, kwa sababu mtazamaji anapata nafasi kubwa ghafla, magari, mwanga. Ikae baa nane tu. Baa ya 25, sekunde ya 38.4, bodaboda. Kichwa kinaruka moja kwa moja hadi A flati. Umeona tumeiruka F shapu na G? Zile noti mbili ndizo zilizokuwa zinakulaza. A flati juu ya D ni umbali usio na makao, hauelekei popote kwa amani, na unaweza kuushikilia baa nane nzima bila kuchosha.

Baa ya 33, uchochoroni, inatakiwa kupanda tena, na noti inayofuata ni A, ile noti tulivu. Hapa usiikimbie, hamisha sakafu. Besi ipande kutoka D hadi E flati, na mguu wa kijipande upande nayo hadi E flati. Sasa A iko juu ya E flati, umbali ule ule usio na makao, na msikilizaji amepata kitu kipya: kwa mara ya kwanza tangu mbio zianze, ardhi yenyewe imesogea. Nusu toni moja ya besi baada ya sekunde 51 za kutotikisika ina uzito kuliko hatua kumi za vayolini. Ndiyo maana hatukuigusa besi mapema. Uikalie hiyo baa sita.

Baa ya 39 hadi ya 42 anajificha, sekunde 6.4. Kijipande kinyamaze chote, besi nayo. Hapa ndipo mzee wako wa orutu anapoingia, na kwa kweli wewe una bahati kuliko mtu mwenye okestra nzima. Orutu ina waya mmoja, na kwa kidole mpigaji anaweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila ngazi yoyote katikati. Mwombe aanze A na ateleze hadi B flati, nusu toni moja tu, kwa sekunde sita nzima. Mtazamaji atadhani ni noti moja imeshikiliwa, lakini ataanza kukosa raha bila kujua kwa nini. Ukimya usio na kitu ungekata mbio. Ukimya unaopanda polepole namna hii unaziendeleza.

Mambo matatu kuhusu huo mtelezo wa orutu. Kwanza, mzee huisawazisha ala yake kwa sikio lake na sauti ya mwimbaji, hana haja ya A ya kompyuta yako. Mpe A kwenye spika kabla hajaanza, mpe muda aisogeze, na mrekodi akiisikia kwenye kisikizi cha sikio moja. Pili, usimwombe apige wimbo. Mpigaji mzuri wa orutu ataanza kuongea na ala yake mara moja, na ikianza kuongea tutakuwa kwenye sherehe, si mafichoni. Mwonyeshe picha, mweleze msichana yuko nyuma ya lori na haruhusiwi kupumua. Wazee hawa wamesindikiza hadithi maisha yao yote, ataelewa haraka kuliko ukimpa maelezo ya noti. Tatu, mkwaruzo wa upinde uache. Maikrofoni iwe karibu, kama futi moja, chumba kiwe kimezibwa kwa mablanketi, na ule mchakacho mkavu kabla waya haujashika uingie wote. Ndio pumzi ya msichana. Na umlipe kama mwanamuziki wa studio.

Baa ya 43, sekunde ya 67.2, ameonekana. Kijipande kinarudi, lakini kimebadilika: ile A iliyokuwa kichwa sasa ni mguu, na kichwa ni B flati, mahali hasa orutu ilipoishia. Kinarudi kikiwa na umbali mdogo wa mwanzo, nusu toni, ule unaokwaruza kuliko wote. Viola zinapiga, na mpiga vayolini wako anaingia kwa mara ya kwanza, oktava moja juu yao. Besi isirudi. Hilo ni muhimu kwa sababu ya hesabu tuliyofanya pale juu. Bila besi hakuna sakafu ya kupimia, kwa hiyo hakuna noti tulivu ya kuogopa. Sasa unaweza kupanda nusu toni moja moja kama ulivyotaka tangu mwanzo, kijipande kizima, mguu na kichwa pamoja.

Ila hatua zisilingane. Una baa kumi na nane. A na B flati zikae baa sita. Jozi inayofuata, B flati na B, baa nne. Kisha baa tatu, kisha mbili, kisha moja, moja, moja. Jumlisha, ni kumi na nane kamili, na baa ya mwisho kabisa kijipande ni E flati na E. Mtazamaji akidhani ameshika mpangilio, unafupika mkononi mwake. Kutoka baa ya 53 unaweza kuzigawanya noti za viola ziwe za sekunde 0.1, kumi kwa sekunde, lakini vayolini iache kwenye mwendo wake wa kwanza. Mtu mmoja akipiga kumi kwa sekunde akirudia mara nyingi, mkono wa upinde unakakamaa na unaanza kusikia jitihada badala ya hofu.

Huyo mpiga vayolini mrekodi mara nne, kila mara abadili kiti na umbali kutoka maikrofoni, halafu zipange kushoto na kulia chini na juu ya sampuli. Masikio huamini kundi zima likiwa na binadamu mmoja wa kweli ndani yake, hasa akiwa ndiye anayepiga sauti ya juu. Sampuli tupu zina ugonjwa unaojulikana: noti ile ile iliyorekodiwa mara moja ikirudiwa haraka inalia tatata kama bunduki. Utaigundua ukifumba macho, huwezi kuwazia mkono. Tofautisha nguvu: vichwa viwe karibu 100, miguu kati ya 60 na 80, na isiwepo miwili inayofuatana iliyo sawa. Angalia pia kama sampuli zako fupi zinachelewa kuanza. Washa kliki, sikiliza. Kama kila noti inakuja nyuma ya kliki kidogo, vuta noti zote zianze mapema kwa milisekunde chache hadi zikae pamoja na kliki. Mbio zinazochelewa milisekunde 40 zinasikika kama mtu anayekimbia na gumboti.

Sasa ngoma. Wewe una mapigo sitini. Mimi ningeweka tisa, na matatu kati ya hayo si ngoma.

Kabla ya kuchagua mahali, sikiliza kilichopo kwenye picha. Kibuye ina vipaza sauti vya wauza mitumba, matatu, mikokoteni, na kama mlipiga Jumapili soko likiwa limejaa, mna kelele za kutosha. Juu yake kuna miguu ya msichana. Miguu ile ndiyo ngoma yako kuu. Ukiweka ngoma kila baa inagongana na hatua zake, ambazo hazina tempo ya 150 wala tempo nyingine yoyote, na vyote viwili vinasikika kama vimekosea. Kwa hiyo ngoma ikae pale tu ambapo miguu haionekani au kelele imepungua.

Kanuni ninayoifuata ni kupiga baada ya tukio. Bodaboda inamkosa kwenye sekunde ya 38.4. Pale pana breki, honi, na mtu anatukana. Kuna haja gani ya ngoma? Acha tukio lipite, ngoma ipige mpigo wa tatu wa baa hiyo, sekunde ya 39.2, pale kamera inaporudi usoni mwake na yeye ndipo anagundua alivyokaribia kufa. Pigo hilo moja litasikika kubwa kuliko manane yanayopigwa juu ya tukio lenyewe, kwa sababu linaeleza kitu ambacho picha haijasema.

Mapigo ya ngoma basi yawe haya: mwanzo wa baa ya 17 anapoiona barabara, hilo la 39.2, mwanzo wa baa ya 49, wa 53 na wa 56, yaani jozi inapopanda, na la mwisho kabisa sekunde ya 96 mkono wake unapogusa ukuta, nyuzi zikiwa zimekatika. Baa tatu za mwisho hazina ngoma, kwa kuwa hapo jozi inapanda kila baa na kule kupanda kwenyewe kunapiga. Na mara tu baada ya pigo la ukutani, besi irudi na D yake. Sasa sakafu inaruhusiwa kurudi. Hana tena pa kwenda, hata sikio likitulia linatulia mahali pabaya.

Kwa sauti ya ngoma, ukipata ngoma kubwa ya isukuti kutoka Kakamega itakufaa sana, ina kina na ngozi inasikika. Lakini iwe pigo moja moja tu, na kitambaa kimewekwa kwenye ngozi ili isivume muda mrefu. Usithubutu kuweka hata baa moja ya mdundo wake kamili. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni ya harusi, mazishi, kuzaliwa kwa mtoto, na tangu 2014 iko kwenye orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Mtazamaji wa magharibi mwa Kenya akiusikia mdundo huo hatafikiria kukimbizwa, atageuza shingo kutafuta wachezaji walipo.

Yale mapigo matatu mengine ni ya uchochoroni, baa ya 33 hadi ya 38. Mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, na kugongesha kwenye mti wa ala. Rekodi mlio huo peke yake, bila waya wala njuga, uweke mpigo wa tatu wa kila baa ya pili. Ni mkavu, mdogo, wa karibu. Kwenye uchochoro mwembamba sauti kubwa ingepanua nafasi, hii inaibana.

Jambo moja la miksi linaloua ngoma chache kuliko yote. D ya besi yako iko karibu hezi 73, na mwili wa ngoma kubwa uko papo hapo. Zikilia pamoja, ngoma inamezwa, nawe utaipandisha, kisha itavuma, kisha utaishusha, hivyo hivyo hadi usiku wa manane. Besi inyamaze mpigo mmoja tu pale ngoma inapopiga, baa ya 17 na ile ya bodaboda. Kwenye baa ya 49, ya 53 na ya 56 besi haipo, kwa hiyo ngoma ina nyumba yake. Pili, watu wengi wataitazama filamu hii kwenye simu, na spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya hezi 200 hivi. Ngoma isiyo na sauti ya kiganja juu ya ngozi itatoweka kabisa. Weka maikrofoni ya pili karibu na ngozi kwa ajili ya hilo kofi, na ujaribu miksi kwenye simu ya bei nafuu, sauti ikiwa nusu, ukiwa nje barabarani.

Ukimaliza, itazame mara mbili. Mara ya kwanza picha na muziki tu, bila miguu wala soko. Isichoshe kabla ya sekunde ya 25.6. Kama inachosha, tatizo liko kwenye nguvu za noti au kwenye ile baa ya nne inayogeuka, si kwenye kukosa ngoma, kwa hiyo mkono wako usikimbilie huko. Mara ya pili zima picha, mpe mtu asiyeijua filamu asikilize, akuinulie mkono pale anapohisi mtu anakaribia kukamatwa. Akiuinua kwenye baa ya 33 na tena baada ya 49, umefika. Akiuinua mwanzoni halafu akaushusha, kuna noti tulivu imejificha mahali. Imba besi utaipata.

Na mhariri atakupigia simu kusema amekata sekunde mbili. Huwa wanafanya hivyo. Usibane muziki wote, na usiziguse kamwe baa kumi na nane za mwisho. Punguza baa moja katika zile kumi na sita za kwanza ambazo hakuna kinachopanda, kisha tafuta tempo mpya:

```
tempo = baa × 240 / sekunde
59 × 240 / 94 = 150.64
```

Tofauti ya 150 na 150.64 hakuna atakayeisikia, ila fremu zako kumi kwa mpigo hazitakuwa kamili tena, kwa hiyo pima upya bodaboda na ukuta. Mwombe basi, kwa upole, akikata akate fremu arubaini au themanini. Themanini ni baa mbili, sekunde 3.2, na hapo hubadilishi tempo hata kidogo. Rekodi ya mzee wa orutu nayo ibaki ilivyo. Ile haina tempo, itakaa popote utakapoiweka mradi ianze A na iishie B flati kabla kijipande hakijarudi.